Nukta ya Kigoma si nukta ya Kalemie

Wiki iliyopita msomaji mmoja kutoka Mwanza aliniandikia: "Kaka, nimeona picha ya dashibodi yako ya shehena, ile yenye Kiswahili na Kifaransa. Mimi yangu nimetafsiri vichwa vyote lakini wateja wa Kongo bado wananipigia simu kuuliza namba. Nakosea wapi?" Nilimjibu kwa kifupi, kisha nikaona jibu kamili liwafae na wengine, maana najua wengi mnaosoma hapa mnatafuta kazi za wateja wa nchi mbili tatu kwa mpigo.

Dashibodi hiyo ni ya kampuni ya usafirishaji wa ziwani. Ina mawakala Kigoma, Bujumbura na Kalemie upande wa Kongo. Niliikuta imeshatengenezwa na mtaalamu aliyenitangulia, ikiwa ya Kiingereza kitupu, na kila namba imepewa desimali tatu bila kujali ni tani, dola au idadi ya safari. Nilipouliza kuhusu lugha nikaambiwa, mbele ya watu, kwamba mawakala wote wana simu za Kiingereza na mimi natafuta kazi isiyokuwepo. Sijasahau.

Sasa angalia kilichokuwa kinatokea. Safu ya uzito ilikuwa kwa tani, na kichwa chake hakikutaja kipimo. Mzigo wa tani tatu na kilo 125 ulionekana hivi: 3.125. Wakala wa Kalemie, mzee makini sana, amesomea Kifaransa. Kwake nukta hutenga maelfu na mkato ndio desimali. Akasoma kilo elfu tatu mia moja ishirini na tano. Akawa sahihi! Desimali tatu za tani ndizo kilo zenyewe, kwa hiyo kosa lilikaa humo muda mrefu bila mtu kulisikia harufu.

Lilifumuka siku walipoongeza safu ya gharama ya wastani kwa tani. Iliandikwa 27.500, yaani dola ishirini na saba na nusu, tena bila alama ya fedha. Mzee akanipigia: "Hii iko faranga elfu makumi mbili na saba na mia tano, ao?" Alikuwa tayari ameshawatajia wateja wawili bei hiyo. Kwa faranga za Kongo hiyo haifiki hata nusu ya gharama halisi. Waliolaumiwa ni Kalemie, eti hawajui kusoma ripoti.

Hapo ndipo penye hatari hasa. Namba kama 1,250,000 haimpotezi mtu, kwa sababu alama mbili haziwezi kuwa desimali zote mbili. Namba kama 27.5 nayo haina shida kubwa, kwani hakuna anayetenga maelfu kwa tarakimu moja. Inayoua ni namba yenye alama moja na tarakimu tatu baada yake, maana inasomeka sawasawa kwa njia zote mbili na hakuna kinachomshtua msomaji. Ndiyo maana jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya tafsiri, ni kupiga marufuku desimali tatu: tani zikawa na desimali moja, fedha mbili, na idadi hazina kabisa. Kipimo na sarafu vikaingia kwenye kichwa cha kila safu.

Kisha nikaiachia kazi ya alama kifaa ambacho kila kivinjari cha kisasa kinacho. Angalia namba moja kwa watazamaji watatu:

```js
const n = 3125.5;
new Intl.NumberFormat('sw-TZ').format(n); // 3,125.5
new Intl.NumberFormat('sw-CD').format(n); // 3.125,5
new Intl.NumberFormat('fr-BI').format(n); // 3 125,5
```

Umeona mistari miwili yenye `sw`? Yote ni Kiswahili. Ndugu yangu wa Mwanza alikuwa ameandika `sw` basi, akadhani kamaliza. Lugha peke yake haitoshi, nchi nayo lazima itajwe. Na usiichukue kutoka `navigator.language`, kwa sababu simu ya mzee wa Kalemie inasema `en-US` tangu ilipotoka dukani. Muulize mtazamaji mara ya kwanza anapoingia, uhifadhi jibu lake kwenye akaunti yake. Jambo jingine: ukiomba lugha ambayo kivinjari hakina, hakikuambii kitu, kinarudi kimyakimya kwenye lugha yake chenyewe. Nilitaka kuweka Kirundi kwa ajili ya Bujumbura, basi kwanza nikajaribu `Intl.NumberFormat.supportedLocalesOf(['rn'])`. Ikirudi mabano matupu, ujue alama utaziandika mwenyewe.

Miezi ina mtego wake. Mtu anageuza tarehe kuwa maandishi mapema, "Januari", "Februari", halafu grafu inaanza na Agosti, inafuata Aprili, kisha Desemba. Imepangwa kwa alfabeti. Kwa Kifaransa Machi na Mei zinabadilishana nafasi, kwa hiyo watu wawili wanaangalia grafu zenye maumbo tofauti za takwimu zilezile. Tarehe ibaki tarehe hadi dakika ya mwisho, jina la mwezi liwe nguo ya kutokea tu. Kwa wenye Power BI, weka safu ya namba ya mwezi kisha upange jina kwa `Sort by column`.

Vichwa navyo visiunganishwe vipandevipande. Mtangulizi wangu alikuwa na neno "New" analibandika mbele ya kila kitu. Kwetu ni wateja wapya, vituo vipya, mizigo mipya, na hakuna msimbo mfupi utakaokuokoa hapo. Andika kila kichwa kizima kwenye jedwali la tafsiri, safu moja kwa kila lugha, umpe msemaji wa lugha hiyo alisome. Vifupisho vya namba kubwa uvikague pia: D3 ukiiachia muundo wa `s`, bilioni inatoka na herufi G, na sijaona mhasibu wa Kigoma anayejua G ni nini.

Nitasema wazi, nimechoka na mafundi wanaoita haya mapambo. Mtu anatumia siku nzima kuchagua rangi ya duara, halafu namba ambayo mteja atalipia pesa hajui itasomwaje ng'ambo ya ziwa. Kampuni ilipopongezwa kwa dashibodi hiyo barua ilimtaja mtangulizi wangu, si mimi. Ila simu za kuuliza namba zimekwisha, na hilo mawakala wanalijua.

Kabla hujakabidhi, jaribu kwa namba tatu: 1250, 27.5 na hasi 3125.5, ukiwa umeingia kama kila mtazamaji. Kisha nakili namba kutoka kwenye skrini ya Kifaransa uibandike kwenye Excel ujumlishe. Nafasi inayotenga maelfu pale si nafasi ya kawaida, ni herufi `U+202F`, na Excel inaweza kuiona namba nzima kuwa maandishi, jumla ikatoka sifuri. Faili la CSV nalo lina lake: kompyuta iliyowekwa Kifaransa inategemea nukta-mkato kati ya safu, kwa hiyo CSV yetu ya mkato inafunguka yote kwenye safu moja. Mimi niliondoa CSV, kitufe cha kupakua kikatoa `.xlsx`. Humo namba inahifadhiwa kama namba, na kila kompyuta inaionyesha kwa alama za mwenyewe.