Ukuzaji mkubwa hula upana wa bendi: somo nililolipata kwenye maikrofoni

Saketi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya kukuza sauti ya maikrofoni. Nilitaka ishara ikuzwe mara elfu moja, nikachukua opampu moja, yaani chipu ya kukuza ishara, aina ya LM741, nikaweka rezista ya mrejesho ya kilo-omu 100 na nyingine ya omu 100 kwenda kwenye ardhi. Hesabu ya ukuzaji ilikubali: 1 + 100000/100, yaani 1001. Nilipowasha, sauti ilitoka kubwa lakini nzito, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Herufi "s" na "sh" zilikuwa karibu hazisikiki. Nilibadilisha maikrofoni, nikabadilisha spika, nikakagua kila kiungo cha risasi. Siku mbili zikaisha.

Fundi aliyenizidi uzoefu alikuja, akaangalia rezista zile mbili, akaniambia, "Weka wimbi la saini badala ya maikrofoni. Ongeza masafa, usiguse kitu kingine."

Niliingiza wimbi la 5 mV. Kwenye 100 Hz nilipata karibu 5 V, kama nilivyotarajia. Kwenye 1 kHz ikashuka hadi kama 3.5 V. Kwenye 10 kHz ilibaki nusu volti tu. Saketi niliyoiita ya ukuzaji wa elfu moja ilikuwa inakuza mara mia moja hadi mia chache tu pale ambapo "s" na "sh" zinaishi. Nenda kafanye kipimo hiki wewe mwenyewe kabla ya kusoma nadharia yoyote, kwa sababu ukishayaona yale mawimbi yakinywea, maelezo yanayofuata yanaingia yenyewe.

Sababu iko ndani ya opampu. Bila mrejesho, LM741 ya kawaida hukuza kama mara 200,000, lakini ukuzaji huo mkubwa upo kwa masafa ya chini mno tu, hadi kama 5 Hz. Ndani yake kuna kapasita ndogo ya pikofaradi 30 iliyowekwa makusudi ili saketi isianze kutetema yenyewe unapoirudishia ishara yake. Kapasita hiyo ndiyo inayoshusha ukuzaji: kuanzia hapo, kila masafa yanapoongezeka mara kumi, ukuzaji hupungua mara kumi. Kwenye 100 Hz umebaki na 10,000, kwenye 1 kHz 1,000, kwenye 10 kHz 100, na kwenye 1 MHz unabaki na 1. Zidisha ukuzaji kwa masafa popote kwenye mteremko huo, jibu ni lile lile: milioni moja. Hilo ndilo zao la ukuzaji na upana wa bendi, yaani masafa ambayo saketi hufika kabla ukuzaji wake haujashuka, na kwenye karatasi ya data ya opampu utaliona limeandikwa GBW au GBP.

Sasa tazama rezista zako zinafanya nini. Wengi wanaoanza hudhani rezista ndizo zinazokuza. Rezista hazikuzi kitu. Zinarudisha sehemu ya ishara inayotoka, opampu inailinganisha na inayoingia, kisha inajirekebisha hadi mbili hizo zikaribiane. Ili ijirekebishe, lazima iwe na ukuzaji wa ziada, zaidi ya ule ulioomba. Ziada hiyo ndiyo akiba yako.

Ukiomba mara 11 kwenye 10 kHz, opampu ina 100, basi akiba ni kama mara tisa. Inatosha: unachopata kinapungua kwa chini ya asilimia moja. Ukiomba mara 1001 kwenye masafa hayo hayo, opampu ina 100 tu, na mrejesho hauna pa kuchota. Hakuna rezista utakayobadilisha ikazaa ukuzaji ambao opampu haina. Opampu moja na rezista zake tuiite hatua: akiba ya hatua ya mara 1001 huisha karibu na 1 kHz. Ya hatua ya mara 11 hudumu hadi kama 91 kHz. Opampu ni ile ile na mteremko ni ule ule, ila anayeomba kidogo hukutana na mteremko mbali zaidi. Na pale mnapokutana, ukuzaji hauanguki ghafla kama umekatwa kisu. Unakuwa umeshuka hadi asilimia 71 ya ulioomba, ndiyo maana nilipata 3.5 V badala ya 5 V.

Dawa ya maikrofoni yangu ilikuwa kugawa kazi. Hatua mbili zinazofuatana, kila moja na rezista za kilo-omu 30 na kilo-omu 1, hukuza mara 31 kila moja. Kwa pamoja ni mara 961. Kila hatua peke yake hufika kama 32 kHz. Zikiungana hazifiki huko, kwa sababu zote mbili hupungua kwa wakati mmoja. Upana wa pamoja ni kama asilimia 64 ya wa hatua moja, yaani karibu 20 kHz. Kutoka 1 kHz hadi 20 kHz kwa opampu ile ile, ukiongeza moja tu. Ungeweza pia kutafuta opampu ya kasi zaidi, mathalani NE5532 yenye GBW ya 10 MHz, lakini kwa ukuzaji wa mara elfu katika hatua moja ingekupa 10 kHz tu. Mimi bado ningegawa.

Kuna mtego mmoja nataka uujue mapema, maana unawakamata hata wenye uzoefu. Upana hupatikana kwa kugawa GBW kwa ukuzaji, lakini ukuzaji huo si lazima uwe ule unaouona kwenye ishara yako. Ni ule unaoamuliwa na kiasi gani cha ishara kinarudishwa. Katika hatua inayogeuza ishara yenye rezista mbili sawa, ishara hutoka na ukubwa ule ule, lakini kinachorudi ni nusu tu, kwa hiyo opampu inatumika kama hatua ya mara 2 na upana wake ni 500 kHz, si 1 MHz. Hilo ni dogo. Lakini jenga kichanganya sauti chenye milango kumi, kila mlango na rezista sawa na ile ya mrejesho. Kila ishara hukuzwa mara 1, ila rezista kumi zinavuta kwa pamoja na kinachorudi ni sehemu moja ya kumi na moja. Upana wako umeshuka hadi kama 91 kHz, na ukiongeza milango unazidi kushuka, ingawa hakuna ishara iliyokuzwa.

Mwisho, usilaumu GBW kwa kosa ambalo si lake. Opampu pia ina kikomo cha kasi ya volti kupanda na kushuka. Kwa LM741 ni kama 0.5 V kwa kila maikrosekunde. Kosa la GBW hupunguza wimbi lakini huliacha likiwa saini safi. Kosa la kasi huligeuza wimbi liwe na pande zilizonyooka, kama pembetatu. Ukiwa na shaka, punguza ishara inayoingia kwa nusu huku masafa yakibaki pale pale. Kama kinachotoka nacho kimepungua kwa nusu na umbo halijabadilika, ni GBW. Kama umbo limeanza kurudi kuwa saini, tatizo lilikuwa kasi, na kupunguza ukuzaji peke yake hakutakuponya ikiwa bado unataka volti kubwa mlangoni pa kutokea.