Mshahara upi benki inauhesabu?

"Silipu yangu inasoma 850,000. Mbona benki ya hapa Chake wanasema nikikopa naweza kukatwa 230,000 tu kwa mwezi?"

Kaka, wameanzia kwenye mshahara wa msingi, siyo jumla. Tuchukue msingi wako ni 600,000, na 250,000 ni posho na saa za ziada. Hizo za ziada mwezi huu zipo, mwezi ujao hazipo, kwa hiyo afisa mikopo anaziacha. Posho ya kudumu inayotokea kila mwezi kwenye silipu baadhi yao huihesabu, basi iulizie.

Kisha theluthi moja ya msingi, yaani 200,000, lazima ibaki mkononi mwako. Inabaki 400,000. Toa ZSSF, kodi na chama, tuseme 80,000, halafu mkopo wa ushirika 90,000: ndiyo hiyo 230,000.

Wengi hukwama kwenye deni la zamani kama hilo la ushirika. Hata ukilimaliza leo, makato yakiwa bado yanasomeka kwenye silipu, benki itayatoa vilevile. Chukua barua ya kumaliza deni, ipeleke kwa mhasibu wako, ndipo uombe upya.