Slaidi za mafunzo ya kupokea maziwa: namna ya kuzigeuza utaratibu wa kazi

Nina slaidi 38 za mafunzo ya kupokea maziwa kituoni. Nikizinakili kwenye waraka na kuzipa namba, si inatosha?

Haitoshi, kwa sababu nusu ya utaratibu haimo kwenye slaidi, imo mdomoni mwa mkufunzi. Niliwahi kuona slaidi yenye picha ya laktomita na maneno "26 hadi 32, sawa". Mkufunzi alieleza kwa mdomo kwamba kiwango hicho ni cha maziwa yenye nyuzijoto 20, na kwamba kila nyuzijoto 1 inayozidi unaongeza 0.2 kwenye usomaji, na kila inayopungua unatoa 0.2. Hakuna aliyeliandika. Miezi michache baadaye keni ya mfugaji ilifika saa sita mchana, maziwa yana nyuzijoto 28, laktomita ikasoma 25. Karani aliyashuku kuwa na maji, akayarudisha. Piga hesabu: nyuzijoto 8 mara 0.2 ni 1.6, ukijumlisha na 25 unapata 26.6. Maziwa yale yalikuwa ndani ya kiwango, na mfugaji alipoteza mauzo ya siku nzima. Bado naumia nikikumbuka.

Kwa hiyo anza kwa kukaa na mkufunzi. Pitia slaidi moja moja ukimuuliza: hapa unawaambia nini ambacho hakijaandikwa? Kisha simama kituoni asubuhi moja, uone kazi inavyofanyika kweli. Historia ya kituo na picha za ng'ombe ziache kwenye mafunzo.

Hatua moja iwe na ukubwa gani?

Kipande kimoja cha kazi, mtendaji mmoja, na jambo la kuonekana mwishoni. Slaidi ile ya laktomita huwa hivi:

4.6 Mpokeaji achanganye sampuli taratibu bila kutoa povu, aimimine kwenye silinda, aitumbukize laktomita na kusubiri itulie.
4.7 Mpokeaji asome laktomita usawa wa juu wa maziwa, apime joto la sampuli hiyohiyo, aandike namba zote mbili daftarini.
4.8 Mpokeaji aongeze au apunguze 0.2 kwa kila nyuzijoto 1 juu au chini ya 20, aandike jibu.
4.9 Jibu likiwa chini ya 26 au juu ya 32, mpokeaji aiweke keni kando na kumwita msimamizi. Asiimwage wala asiirudishe.

Tazama 4.7: inadai namba zote mbili, kwa kuwa jibu peke yake halimwonyeshi mkaguzi kama hesabu ilifanyika. Kiwango nacho kifuate kinachotakiwa na mnunuzi wako au shirika la viwango la nchi yako. Hizi 26 na 32 ni za mfano huu.

Neno "hakikisha" limejaa kwenye slaidi. Kila ukilikuta, uliza: kwa kufanya nini? "Hakikisha maziwa hayajaanza kuchacha" linakuwa: changanya mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alkoholi ya asilimia 68, yakionyesha chembe za mgando, iweke keni kando na umwite msimamizi.

Kituoni tuko watatu tu. Hayo majukumu tuyagawe vipi?

Andika cheo, usiandike jina, maana Jumapili zamu hubadilika. Mtu mmoja anaweza kushika vyeo viwili, isipokuwa mahali pamoja: anayepima asiwe ndiye anayeamua kukataa keni. Ndiyo maana 4.9 inamwita msimamizi, naye apime upya kwa sampuli mpya. Akiwa hayupo, waraka utaje cheo cha anayeshika nafasi yake. Usipotaja, mpokeaji ataamua peke yake.

Ukaguzi niuweke mwishoni mwa waraka?

Uweke pale ambapo kosa bado linarekebishika. Maziwa yakishamiminwa kwenye tangi la kupoza pamoja na ya wengine, hakuna tena la kufanya kwa keni moja. Kwa hiyo kabla ya kumimina weka hatua yake: msimamizi atazame mstari wa daftari, aone harufu, alkoholi, laktomita na joto vimejazwa, atie sahihi. Ukaguzi wa vifaa uwe na siku yake, kwa mfano kipimajoto kila Jumatatu kwenye maji yenye barafu iliyopondwa, ambamo kinapaswa kusoma 0.

Nitajuaje kama waraka umekamilika?

Mpe mtu ambaye hakuhudhuria mafunzo, apokee keni tatu huku wewe umesimama pembeni kimya. Kila anapokugeukia kuuliza, andika namba ya hatua aliyofikia, kisha ukairekebishe. Slaidi usizitupe, ziandike upya zitaje namba za hatua, ili kiwango kikibadilika ubadilishe waraka kwanza, slaidi zifuate.