Vipande vya sentimita 40 vinavyobaki kwenye grili nivifanyie nini?

*Shikamoo fundi. Nina karakana Nyakato, Mwanza, kazi yangu kubwa ni grili za madirisha za nondo ya mraba ya milimita 12. Vipande vifupi vimejaa kona nzima, na mnunuzi wa chuma chakavu ananipa hela ya soda. Nimejaribu vigoda na stendi za maua, vinauzika leo, mwezi unaofuata hakuna anayeuliza. Nitengeneze nini kitakachotoka kila wiki?*

Marahaba. Kabla ya kuwaza bidhaa, chukua futi upime hiyo kona yako. Nondo ina mita 6. Grili ikiwa na fito za mita 1.4, unapata nne na kinabaki kipande cha sentimita 39 hivi ukitoa kinacholiwa na diski. Kinajirudia kila nondo, kwa hiyo tafuta kitu kinachotaka urefu huohuo. Stendi ya maua kila moja ina vipimo vyake, ndiyo maana inakula muda wako.

Mimi kwa urefu huo natengeneza mafiga ya chuma, yaani pembetatu yenye miguu mitatu ya kuinjika sufuria juu ya moto wa kuni. Kambi za dagaa visiwani na mama lishe wengi bado wanapikia kuni, na mafiga yanaungua, yanaibwa, yanasahaulika kambini watu wakihama. Mteja anarudi.

Figa moja linakula vipande vitano kamili. Vitatu ni pande za pembetatu. Kimoja na nusu kinatoa miguu mitatu ya sentimita 19. Nusu iliyobaki ikate mara tatu upate vidole vya sentimita 6, uvichomelee katikati ya kila upande vikielekea ndani. Usiviruke hivyo vidole. Pembetatu ya sentimita 39 bila vidole inaacha duara la sentimita 22 katikati, na sufuria ndogo ya chai itapita humo ikatue kwenye moto. Kwa vidole tundu linabaki sentimita 10 hivi.

Miguu iwe mitatu, isiwe minne, kwa sababu mitatu haichezi hata kwenye mchanga wa ufukweni. Itanue nje sentimita 4 kwenye nyayo. Kwa pembetatu tengeneza kalibu: bati nene la chini, vipande vya engo vimechomelewa kuzuia pande tatu. Ncha ya kila upande iegemee ubavu wa mwenzake, usihangaike kukata pembe kali. Shika kwa nukta viungo vyote kwanza, ndipo umalizie ukirukaruka kona hadi kona, la sivyo pembetatu inajikunja.

Sasa kuchomelea, maana hapa niliumbuka. Figa langu la mwanzo lilikwenda kwa mama mmoja pale Mwaloni. Mguu ulikatika maharage yakiwa yanachemka, na Mungu tu ndiye aliyemnusuru asiungue. Nilipoliangalia, chuma cha fimbo kilikuwa kimekaa juu kama nta iliyodondoka, hakikuzama kwenye nondo. Moto wa mashine ulikuwa mdogo. Kwa fimbo ya milimita 2.5 weka ampea 85 hadi 90, saga kutu kwanza, zungusha kiungo pande zote. Likipoa, shika mguu kwenye vaisi uupige nyundo ya nguvu kwa ubavu. Mguu ukipinda kabla kiungo hakijaachia, kiungo kimeshika, uza yaliyochomelewa hivyohivyo. Kwenye kalibu mpya, lijaribu figa la kwanza hivyo hata kama utaliharibu.

Mabomba ya zinki usiyachanganye humo hata kama yanalingana urefu, moshi wake ni sumu kwako unapochomelea. Rangi nayo acha, inaungua siku ya kwanza na kunukia kwenye ugali wa watu. Lipashe moto, pakaa mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika. Oili chafu ya injini hapana, nimeona mafundi wakiipaka na kujisifia weusi wake.

Mwambie mnunuzi ukweli pia: sufuria ya shughuli, ya ugali unaosongwa kwa mwiko wa mita, italipindua. Hilo linataka figa kubwa, la chuma kipya na bei yake.

Kuhusu bei, figa lina kilo 2.2. Tuseme chakavu kwenu ni shilingi 900 kilo: hiyo ni karibu 2,000 ambayo ungepata bila kuwasha mashine. Jumlisha fimbo nne, diski, umeme na nusu saa ya kijana wako. Chini ya hapo unajiibia.

Na hesabu vipande vyako: nondo 30 kwa wiki ni mafiga sita, basi. Duka la vifaa pale Igoma likitaka ishirini, wape sita wiki hii, sita ijayo. Ukianza kukata nondo nzima ili kutimiza oda huku bei ni ileile ya vipande, grili ndizo zitakazolipia.