Basi, grafu na mita 4104 zisizokuwapo

Wiki hii msomaji mmoja wa kidato ameniletea swali la basi pamoja na picha ya daftari lake. Grafu ameichora vizuri sana, mistari imenyooka kwa rula, lakini jibu la umbali ni mita 4104 wakati kitabu kinasema 1140. Anauliza amekosea fomula gani. Fomula zake zote ziko sawa, na ndiyo maana nimeona nijibu hapa kwa urefu, kwa sababu kosa hili liko kwenye madaftari mengi.

Swali ni hili. Basi linaanza safari kutoka kituoni, linaongeza mwendo kwa kiwango kilekile hadi kufikia kilomita 54 kwa saa baada ya sekunde 20. Linakwenda na mwendo huo kwa dakika 1, kisha dereva anashika breki na basi linasimama baada ya sekunde 12. Chora grafu ya mwendokasi na wakati, kisha tafuta mchapuko wa basi na umbali wote liliosafiri.

Kabla ya kugusa rula, soma vizio. Mwendokasi umetolewa kwa kilomita kwa saa, muda kwa sekunde na dakika. Ukivichora hivyohivyo, grafu itapendeza na umbo litakuwa lilelile, lakini kila hesabu utakayoitoa humo itakuwa na vizio vya ajabu. Gawanya kilomita kwa saa kwa 3.6 upate mita kwa sekunde: 54 ÷ 3.6 = 15. Dakika 1 ni sekunde 60. Hizo 3.6 zinatokana na saa 1 kuwa na sekunde 3600 na kilomita 1 kuwa na mita 1000. Sasa tazama 4104 ÷ 3.6: unapata 1140 kamili. Msomaji wetu alizidisha kilomita kwa saa na sekunde, akaandika "mita" mbele yake.

Tunachora. Muda unakaa kwenye mhimili mlalo, mwendokasi kwenye mhimili wima. Basi linaanza kwenye 0, linapanda kwa mstari ulionyooka hadi mita 15 kwa sekunde pale sekunde ya 20. Hapo mstari unalala hadi sekunde ya 80, maana 20 + 60 = 80. Wengi huishia kwenye 60, kwa sababu swali limetaja dakika 1 na jicho linaitafuta 60 kwenye mhimili. Dakika hiyo ni muda uliopita, haisemi saa imefika wapi. Kisha mstari unashuka hadi 0 pale sekunde ya 92.

Mchapuko ni mwinamo wa mstari: badiliko la mwendokasi ugawanye kwa muda uliotumika kubadilika.

a = (15 − 0) ÷ 20 = 0.75 m/s²

Maana yake, kila sekunde inayopita basi linaongeza mwendo wake kwa mita 0.75 kwa sekunde. Ungetumia 54 badala ya 15 ungepata 2.7, na ukaandika m/s² mbele yake bila kushtuka. Ushtuke. Basi la mjini lenye abiria waliosimama huondoka kwa mchapuko wa karibu 1 m/s² au chini ya hapo, kwa 2.7 waliosimama wangerushwa nyuma. Kipimo hicho kikae kichwani, kitakuokoa hata pale ambapo huna kitabu cha majibu.

Wakati wa breki, mchapuko ni (0 − 15) ÷ (92 − 80) = −1.25 m/s². Alama ya kutoa inaonyesha mwendo unapungua. Kosa la hapa ni kugawanya kwa 92, yaani kusoma namba iliyoandikwa kwenye mhimili badala ya tofauti ya muda. Basi limefunga breki kwa sekunde 12 tu.

Sasa umbali, na hapa ninaomba utulie, kwa sababu wengi hukariri "eneo chini ya grafu" bila kujua kwa nini eneo ligeuke kuwa mita. Chukua sekunde moja tu, kati ya sekunde ya 10 na ya 11. Mwanzoni mwake basi lina mita 7.5 kwa sekunde, mwishoni 8.25. Wastani ni 7.875, kwa hiyo katika sekunde hiyo limesogea mita 7.875. Hicho ni kipande chembamba cha grafu chenye upana wa sekunde 1 na urefu wa wastani wa 7.875. Panga vipande vyote vya namna hiyo kutoka 0 hadi 20, utajaza pembetatu nzima. Ndiyo maana kuna nusu kwenye fomula yake: wastani wa mwendo kutoka 0 hadi 15 ni 7.5, na 7.5 × 20 ni mita 150.

Sehemu ya katikati ni mstatili: 60 × 15 = mita 900. Sehemu ya breki ni pembetatu: ½ × 12 × 15 = mita 90. Jumla ni 150 + 900 + 90 = mita 1140.

Ukipenda njia fupi, umbo zima ni trapeza. Jumlisha pande mbili zilizo sambamba, zidisha kwa urefu wa kwenda juu, gawanya kwa 2:

½ × (60 + 92) × 15 = 1140

Upande wa juu ni 60, urefu wa mstari uliolala. Anayeandika 80 anapata mita 1290, na hataona kosa kama hakufanya njia ndefu kwanza. Kwa hiyo fanya zote mbili, zikipishana rudi kwenye grafu. Njia hii inafaa zaidi pale swali linapogeuzwa: unapewa umbali wa mita 1140 na kuambiwa utafute muda wa breki. Andika ½ × (60 + T) × 15 = 1140, upate 60 + T = 152, T = 92. Usiishie hapo, 92 ni muda wa safari yote. Toa 80, breki ni sekunde 12.

Kuna sura moja ya swali inayowaangusha hata wanaoyajua haya yote: basi halianzi kutoka kusimama. Tuseme linapita kituoni kwa mita 5 kwa sekunde, kisha linafikia 15 baada ya sekunde 20. Mchapuko ni (15 − 5) ÷ 20 = 0.5 m/s². Umbali si ½ × 20 × 10, yaani mita 100. Hiyo ni pembetatu ya juu tu. Chini yake kuna mstatili wa 5 × 20, mita nyingine 100, kwa kuwa mwendo ule wa mwanzo uliendelea kulibeba basi sekunde zote 20. Jumla ni mita 200. Tia kivuli eneo lote kwa penseli hadi kwenye mhimili wa muda kabla ya kuanza kuhesabu, na mstatili huo utauona.