Utangulizi wa chaneli wa sekunde tano: hesabu ya fremu, nembo na sauti

"Wakuu, nimejaribu kutengeneza utangulizi wa sekunde tano kwa zana ya video ya akili unde. Kila mara herufi za nembo zinapinda, na sauti haikai pamoja na picha. Nataka kitu kimoja nitakachotumia kwenye kila video, pamoja na bampa, yaani kipande kifupi cha kutenganisha mada katikati ya video. Nianzie wapi?"

Ndugu mleta mada, mimi nilitupa klipu nyingi kabla ya kugundua kwamba nilikuwa ninaanza kazi kwa mwisho wake. Nilikuwa ninatengeneza picha kwanza, kisha ninatafuta sauti ya kuifuata, na mwisho ninabana vyote viingie katika sekunde tano. Siku hizi ninaanza na hesabu ya muda peke yake, kabla sijafungua zana yoyote.

Video zangu ni za fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde tano ni fremu 120. Nilichagua mwendo wa sauti wa mapigo 120 kwa dakika, maana kila pigo huchukua nusu sekunde, yaani fremu 12 kamili, na sekunde tano hubeba mapigo kumi bila baki. Ukitumia fremu 30, pigo hilo hilo ni fremu 15, na hesabu bado inakaa sawa. Kwa fremu 25 utapata fremu 12 na nusu, na hapo ndipo vitu huanza kuteleza, kwa hiyo ni afadhali utumie mapigo 100 kwa dakika, ambapo kila pigo ni fremu 15 na mapigo manane humalizika katika sekunde 4.8. Katika mpango wangu, nembo hukamilika na kishindo cha sauti hupiga kwenye sekunde ya 3 kamili, yaani fremu ya 72. Nembo hubaki imetulia hadi sekunde 4.5, kisha nusu sekunde ya mwisho huzima taratibu kuwa nyeusi. Fremu ya 72 ndiyo msumari. Mengine yote hutundikwa hapo.

Sasa tuje kwenye herufi zinazopinda. Ukiiomba zana iijenge nembo kutoka kwenye vumbi au moshi, inalazimika kuyabuni maumbo ya herufi yenyewe, na kila fremu inayabuni upya kidogo. Dawa niliyoipata ni kugeuza mambo: ninaipa zana nembo yangu halisi kama picha ya kuanzia, naiomba iivunje, halafu naicheza klipu kinyumenyume. Nembo iliyokuwa kwenye fremu ya kwanza sasa inakuwa kwenye fremu ya mwisho, na kwa kuwa ilitoka kwenye faili langu, zana haikuibuni. Picha hiyo ya kuanzia iwe na uwiano ule ule wa video, kwa mfano 1920 kwa 1080, la sivyo zana nyingi huikata pembeni au huitanua. Prompti yangu ni fupi:

```
Kamera imefungwa mahali pamoja kwa klipu nzima.
Nembo nyeupe iko katikati ya mandhari nyeusi tupu.
Tangu fremu ya kwanza, nembo inamomonyoka kuwa vumbi
laini la dhahabu linalopeperuka kuelekea kushoto,
mpaka skrini inabaki nyeusi.
```

Zana nyingine huelewa Kiingereza vizuri zaidi, na hapo ninaitafsiri neno kwa neno bila kuongeza kitu. Ninasema "kushoto" kwa sababu nikigeuza klipu, vumbi litaonekana likija kutoka kushoto kwenda kulia, ambavyo ndivyo jicho la msomaji wetu lilivyozoea. Epuka pia kuomba vumbi lianguke chini, maana likigeuzwa litapaa juu na mtazamaji atahisi kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja. Prompti yangu ya kwanza ilikuwa na orodha ndefu ya makatazo, na zana ilinichorea karibu yote niliyoyakataza. Tangu hapo ninaeleza ninachotaka tu. Kugeuza klipu ni amri moja ya programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -vf reverse -an kinyume.mp4
```

Usitegemee kwamba zana itatii sekunde ulizotaja. Katika klipu niliyoichagua mwishowe, nembo ilimomonyoka yote ndani ya sekunde 3.6, na sekunde zilizobaki zilikuwa nyeusi tupu. Baada ya kugeuza nilikata weusi huo mwanzoni, nikaongeza kasi hadi asilimia 120, na sekunde 3.6 zikawa 3 kamili. Kwa namna hiyo nembo ilikamilika palepale kwenye fremu ya 72.

Bado kuna jambo moja dogo linaloharibu kazi nzuri. Zana hulainisha kingo na kubadilisha rangi kidogo hata kwenye fremu uliyoipa wewe. Kwa hiyo naweka faili halisi la nembo, lile la PNG lisilo na rangi ya mandhari, juu ya klipu, likijitokeza polepole kuanzia fremu ya 69 na kukamilika kwenye ya 72, kisha linabaki peke yake hadi mwisho. Ili kujua kama limekaa sawa, kuza picha hadi asilimia 200, kisha washa na uzime tabaka la juu mara kadhaa. Kingo zikiruka, sogeza au badilisha ukubwa mpaka zitulie.

Sauti yangu ina tabaka tatu: mvumo unaopanda, kishindo, na mkia unaofifia. Kishindo nilikifanya kiwe cha ngoma isiyo na noti inayotambulika, kwa sababu utangulizi huu utafuatwa na muziki tofauti katika kila video, na noti iliyo wazi itagombana na baadhi yake. Mkia unakwisha kabla ya sekunde 4.75 ili usikanyage neno la kwanza la msemaji. Nilizirekodi na kuzichanganya mwenyewe, maana sauti ya kuokota inaweza kukuletea dai la hakimiliki katika kila video utakayoiweka.

Usipange sauti kwa kulinganisha mwanzo wa faili na mwanzo wa picha. Tazama umbo la wimbi, tafuta pale linapochomoza ghafla, ulisogeze lifike kwenye fremu ya 72. Na uhifadhi kwa WAV ya 48 kHz. Mimi nilihifadhi kwa MP3, ambayo huongeza ukimya mfupi mwanzoni mwa faili, na kila nilipofungua na kuhifadhi upya kishindo kilizidi kuchelewa, huku nikiilaumu picha. Ukikosa shabaha, ni afadhali sauti ichelewe kwa fremu moja kuliko iwahi, kwa kuwa mtazamaji hustuka haraka zaidi sauti inapoitangulia picha.

Bampa haihitaji kutengenezwa upya. Ninakata kutoka sekunde 2.5 hadi 4.5 za utangulizi, yaani mapigo manne, na kishindo kinaangukia nusu sekunde tangu bampa ianze. Kwa kuwa mkato uko katikati ya mvumo, utasikia mlipuko mdogo usipofifisha kingo za sauti:

```
ffmpeg -ss 2.5 -t 2 -i utangulizi.mov \
 -c:v prores_ks -profile:v 3 -c:a pcm_s16le \
 -af "afade=t=in:d=0.02,afade=t=out:st=1.5:d=0.5" \
 bampa.mov
```

Utangulizi wenyewe siuweki kwenye sekunde ya kwanza ya video, bali baada ya sentensi mbili tatu zinazoeleza mtazamaji atapata nini. Bampa ninaiweka pale mada inapobadilika, mara moja au mbili. Nembo ikibadilika siku moja, utarudia hatua za picha na mkato wa bampa peke yake; faili la sauti na fremu ya 72 vitabaki kama vilivyo.