VAT ya hiari kwa karakana ya laki mbili

"Nina karakana ya samani hapa Nakuru, nauza kama laki mbili kwa mwezi. Mshauri wa kodi anasema nijisajili VAT kwa hiari ili nionekane kampuni kamili. Nifanye hivyo?"

Usijisajili! Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, na aliyeniambia alichukua ada yake akaenda. Hakunieleza kwamba ukishaingia VAT lazima uwasilishe ritani kufikia tarehe 20 ya kila mwezi, hata mwezi ambao hukuuza kiti kimoja. Fundi wangu alipougua nikafunga karakana, nikaona kwa kuwa sina mauzo sina la kuripoti. Nilipofungua iTax nilikuta faini zimepangana. Bado nina hasira naye, maana hilo ndilo jambo la kwanza alilopaswa kuniambia.

Faini ya kuchelewa ni shilingi 10,000 au 5% ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Hiyo 10,000 ndiyo inayotuumiza sisi wadogo, kwa sababu haishuki hata kama hudaiwi chochote. Kwako wewe ni 5% ya mauzo ya mwezi mzima. Chukua sasa kampuni inayouza milioni 20 kwa mwezi, tuseme inadaiwa kodi ya laki nne. Ikichelewa italipa 20,000, yaani 0.1% ya mauzo yake. Kosa ni lile lile, ila wewe umeumia mara hamsini zaidi. Mhasibu naye ni vivyo hivyo: ritani ni moja kwa wote, na ukimlipa 5,000 kwa mwezi, 2.5% ya mauzo yako imekwenda kabla hujalipa kodi yenyewe. Mkubwa anaye mhasibu wa mshahara tayari, na ritani ni kazi ya nusu siku kwake.

Halafu kuna bei. Meza unayomuuzia mama wa nyumbani kwa 30,000, ukishasajiliwa na usipopandisha bei, 4,138 ni ya serikali. Mkubwa anapunguza mzigo huo kwa VAT aliyolipa kwenye mbao, maana ananunua kwa wenye ankara za VAT. Wewe mbao za saipresi unanunua kwa mkulima asiye na VAT, kwa hiyo huna cha kukata.

Sheria inakulazimisha mauzo yakifika milioni 5 kwa miezi 12. Wewe uko kwenye milioni 2.4. Kaa nje mpaka ufike hapo, labda tu kama wengi wa wanunuzi wako ni kampuni zenye VAT zinazoweza kuidai. Waulize wao kwanza, si mshauri.

Na kama umeshasajiliwa, omba KRA ikuondoe, lakini endelea kuwasilisha ritani kila mwezi, ya sifuri ikiwa hukuuza, hadi uthibitishiwe kwa maandishi kwamba umetolewa.